Mapunye: Kwa Nini Shampuu Peke Yake Haiponyi



Tunapotembelea shule hapa Mbeya, mara nyingi tunaonyeshwa mtoto mwenye mapunye ambaye tayari amenyolewa na kuoshwa kwa shampuu ya dawa. Magamba hupungua kwa wiki mbili, kisha hurudi, na mzazi husema ameuziwa dawa bandia. Sivyo.

Fangasi wa mapunye hawakai juu ya ngozi tu. Huingia ndani ya unywele wenyewe na kushuka hadi karibu na mzizi, mahali ambapo shampuu haifiki. Dawa ya kumeza hupita kwenye damu na kuingia katika unywele mpya unaoota, nao fangasi hushindwa kuushambulia. Unywele wa zamani husogea juu polepole na kukatwa. Ndiyo maana dozi huchukua wiki 6 hadi 8, hata kama kichwa kinaonekana safi mapema.

Mtoto wa kilo 20, kwa mfano, anaweza kuandikiwa griseofulvini miligramu 375 kwa siku, yaani vidonge 3 vya miligramu 125. Mganga ndiye atakayepanga kipimo baada ya kumpima uzito. Mtoto ameze dawa pamoja na maziwa au parachichi, kwa sababu bila mafuta mwili huipokea kidogo.

Shampuu tusiitupe. Mara 2 kwa wiki hupunguza maambukizi kwa wenzake. Lakini tukiona uvimbe laini wenye usaha, tusiupasue. Tumpeleke mtoto kituo cha afya upesi, kabla halijabaki kovu lisiloota nywele.