Ukoo wa Neno "Funga"

Katika insha za wanafunzi wa Bujumbura mwalimu aghalabu hukutana na sentensi ya namna hii: "Nilifungua mlango kwa ajili ya mgeni." Haina kosa la sarufi, ila mwandishi wake ametumia maneno matatu mahali ambapo kitenzi kingemtosheleza, kwani Mswahili husema, "Nilimfungulia mgeni mlango," na kazi yote ya "kwa ajili ya" ikabebwa na herufi mbili zilizoingia kabla ya irabu ya mwisho.

Herufi hizo ni l na i, nayo l yataka kuelezwa. Zamani mwisho wa "fungua" ulikuwa na l kati ya irabu zake mbili. Ulimi wa Waswahili ukaiangusha, lakini kitenzi kinaponyambuliwa katika kauli ya kutendea au ya kutendwa hurejea, na ndipo tukapata "funguliwa", "chukuliwa", "nolewa". Mtoto wa Kirundi anayo siri hii nyumbani, maana neno lake la kula, "gufungura", lina r mahali pale pale. Basi akiandika "funguia", haifai kumkata kwa kalamu nyekundu tu. Aulizwe r ya mama yake imekwenda wapi.

Tukigeukia majina, wanafunzi wengi hudhani kuwa kupachika m- mbele kwatosha kumfanya mtu. Hakutoshi, kwa kuwa mwisho wa neno ndio uamuzi: "mfungaji" hufunga, ama goli ama mlango, na "mfungwa" hufungwa, naye anayeyachanganya humtia askari jela na kumwacha mwizi aende zake. Ki- hutoa "kifungo", cha shati na cha gereza vilevile. U- hutoa "ufunguo" na "ufunguzi", la kwanza kitu cha mkononi, la pili tendo. Kadhalika wazee wa Buyenzi wanaohesabu miezi kwa desturi ya pwani huuita mwezi unaofuata Ramadhani Mfunguo Mosi, yaani wa kwanza baada ya saumu kufunguliwa, wakaendelea mpaka Mfunguo Tisa. Na kadhi hafungi ndoa ya watu, bali huifungisha: wanaofunga ni maarusi.

Lakini kunyambua kuna mpaka wake. Kanuni yaweza kuzaa "mfungisho" kwa urahisi, na mtoto akafurahi, ilhali si neno ambalo msemaji hulitumia. Kwa hiyo kila neno lililozaliwa ubaoni litiwe katika sentensi ya jambo lililotokea kweli, mathalani sokoni au ziwani Tanganyika. Lisilopata sentensi lifutwe. Sentensi pia ndiyo inayoonyesha tofauti ya maneno yanayokaribiana: "Mlango ulifungwa" huuliza ni nani aliyeufunga. "Mlango umefungika" haumtaji mtu, labda upepo.

Nawaomba walimu mliopo, kesho andikeni "funga" katikati ya ubao, wala msiguse kamusi kabla wanafunzi hawajamaliza kulinyambua.