Asilimia 12 Zisizolingana: Namna Riba ya Mkopo Inavyohesabiwa

Maelezo kwa vikundi vya akiba na mikopo



Majirani wawili wanataka kununua ng'ombe wa maziwa. Kila mmoja anakopa shilingi 120,000 za kulipwa kwa miezi 12, na wote wameambiwa kuwa riba ni asilimia 12 kwa mwaka. Mwaka ukiisha, mmoja amelipa riba ya shilingi 14,400, na mwenzake shilingi 7,800. Asilimia ni ile ile. Kilichotofautiana ni kiasi cha pesa kilichotozwa riba.

Wa kwanza alipewa riba isiyopungua, ambayo maafisa wa mikopo huiita flati reti. Riba huhesabiwa mara moja juu ya mkopo wote, na asilimia 12 ya 120,000 ni 14,400. Jumla ya deni huwa 134,400, na kila mwezi hulipa 11,200. Kufikia mwezi wa mwisho, amebakiza 10,000 tu za mkopo wenyewe, lakini bado anatozwa riba ya 1,200, kana kwamba angali na zile 120,000 zote mkononi.

Wa pili alipewa riba ya salio linalopungua. Kila mwezi hurudisha 10,000 za mkopo, pamoja na asilimia 1 ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza hulipa 11,200, sawa kabisa na jirani yake, na hapo ndipo wengi hudhani mikopo hii ni sawa. Mwezi wa pili deni ni 110,000, kwa hiyo riba ni 1,100. Hushuka hivyo hadi shilingi 100 mwezi wa mwisho.

Je, mkopaji atajuaje kabla ya kutia sahihi? Aombe ratiba ya malipo, kisha atazame safu ya riba. Ikishuka mwezi baada ya mwezi, hiyo ni riba ya salio. Ikibaki pale pale, ni riba isiyopungua. Asitegemee malipo ya kila mwezi peke yake, kwa kuwa wapo wakopeshaji wa riba ya salio wanaoyasawazisha.

Asiyepewa ratiba, ikiwa malipo ni sawa kila mwezi, azidishe malipo ya mwezi mmoja kwa idadi ya miezi, kisha atoe kiasi alichokopa. Kwa jirani wa kwanza, 11,200 mara 12, kutoa 120,000, ni 14,400. Aongeze ada ya mkopo na bima, kama zipo.

Riba isiyopungua si lazima iwe ghali kuliko nyingine. Kwa mkopo huu, asilimia 6 na nusu isiyopungua nayo ingegharimu 7,800. Kwa hiyo mkopaji asilinganishe asilimia. Alinganishe shilingi.

Pia aulize: nikimaliza deni mapema, riba ya miezi iliyobaki itaondolewa? Jibu liwe kwenye mkataba.