Tamasha Limeahirishwa, Hela Yangu Je?

Msikilizaji wetu wa Rwamgasa, tuseme ulinunua tiketi ya shilingi 15,000 kwa mtu anayeziuza mtaani, ukamlipa kwa simu. Tamasha limeahirishwa, naye anasema, "Subiri mwezi ujao." Lakini mwezi ujao wewe una zamu duarani.

Tarehe mpya ni pendekezo tu. Wewe ulilipia siku ile, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 65, inasema mkataba ukibatilika, aliyepokea faida yake airejeshe. Wengi hukwama kwa kujibu "sawa, bosi" ili yaishe. Hapo umekubali makubaliano mapya, na kudai hela kunakuwa kugumu.

Andika mapema: "Ndugu, siku hiyo mpya siiwezi. Naomba unirudishie 15,000 ndani ya siku saba." Akisema hela iko kwa mwandaaji, mkumbushe kwamba uliyemlipa ni yeye. Usifute meseji ya muamala, na tiketi usimrudishie kabla hela haijaingia. Siku saba zikipita kimya, peleka madai Mahakama ya Mwanzo ukiwa na tiketi, meseji hizo na tangazo la kuahirishwa. Mlionunua kwake nendeni pamoja.