Soma Tiketi Kabla Hujatoa Pesa

Ndugu zetu wa Bwejuu, leo tunataka kuzungumza juu ya tiketi za basi. Sisi wa visiwani tukishavuka hadi Nyamisati, tunapanda gari la kwenda Mbagala. Anayetaka kwenda bara huendelea hadi Mbezi Luis, kwenye Kituo Kikuu cha Magufuli. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 2021, badala ya kile cha Ubungo. Huko ndiko tunakoliwa pesa.

Mwenzetu mmoja alikuwa anakwenda Dodoma kumuuguza dada yake. Alifika Mbezi jioni. Kabla hajaingia getini, kijana akamshika mzigo. "Mzee wangu, kesho magari yamejaa. Kimebaki kiti kimoja tu!" Mwenzetu akatoa shilingi 30,000 palepale nje, akapewa karatasi. Alfajiri kondakta akaitazama, akamwambia, "Mzee, hii si ya kwetu. Umeuziwa hewa." Ikabidi akae mjini siku mbili, akingoja ndugu wamtumie nauli nyingine.

Sasa tuisome ile karatasi. Jina la basi lilikuwepo, maana kitabu cha tiketi mtu yeyote aweza kuchapisha. Lakini namba ya gari haikuwepo. Namba ya kiti haikuwepo. Jina lake mwenyewe halikuandikwa. Tarehe ilikuwa imefutwa na kuandikwa tena juu yake. Mwenzetu anajua kusoma, ila aliisoma baada ya kutoa pesa.

Tiketi ya kweli siku hizi hutolewa kwa mashine. Ina jina lako, unakotoka na unakokwenda, tarehe, saa ya kuondoka, kiti, namba ya gari na nauli. Nauli iliyoandikwa iwe sawa na pesa uliyotoa. Ikipungua, tofauti hiyo imeingia mfukoni mwa mtu.

Basi tufanye hivi. Tuingie ndani ya kituo, twende mpaka ofisi yenye jina la basi lenyewe. Wapiga debe si wote wezi. Wengi hulipwa na wenye mabasi kwa kuleta abiria. Mpiga debe akuonyeshe ofisi, sawa. Lakini mzigo ushike mwenyewe, na pesa umpe karani wa ofisini, si yeye.

Ukilipa kwa simu, jina la anayepokea hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Likiwa jina la mtu badala ya kampuni, acha kwanza, uliza.

Na ukiambiwa "kimebaki kimoja," jibu, "Haya, twende ofisini nikakione." Mwenye kiti cha kweli atakupeleka. Tapeli atatafuta mwingine.

Ukishaibiwa, nenda polisi wa kituoni na ile karatasi. Usiitupe, ndiyo ushahidi wako.