Meza ya Krismasi na Majirani wa Dini Nyingine

(Mazungumzo ya redio)

 

Leo fungu letu ni Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 10, tangu aya ya 23 hadi mwisho. Hapo Mtume anazungumza juu ya nyama, juu ya kualikwa nyumbani kwa mtu asiye wa imani yetu, na juu ya dhamiri ya yule anayeketi karibu nawe. Anatuambia kwamba tukila au tukinywa, tufanye hivyo kwa utukufu wa Mungu, tena tusiwe kikwazo kwa Wayahudi, wala kwa Wayunani, wala kwa kanisa.

Jambo hili si dogo. Mnamo Februari 2013, katika nchi jirani ya Tanzania, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi ulizuka kati ya Wakristo na Waislamu juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa. Katika fujo hizo mchungaji mmoja aliuawa. Kisu cha jikoni kiligeuka kuwa kisu cha vita. Basi mtu anayewaalika majirani Krismasi afikirie kisu kabla ya kufikiria mapambo.

Tuchukue nyumba moja ya Mkristo katika mji wetu wa majani chai. Amealika watu ishirini: wenzake wa kambi ya wafanyakazi, Wakipsigis, Wakisii na Waluo, familia ya Mwislamu mwenye duka, na familia ya fundi Singasinga. Wengi wetu tungesema, “Tumwombe Mwislamu atuchinjie, na kila mtu atakula.” Hapo ndipo tunapokosea. Singasinga aliyekwisha kupokea amriti, yaani aliyeingizwa rasmi katika dini yake, amekatazwa nyama iliyochinjwa kwa ibada ya namna hiyo. Wengine wao, pamoja na Wahindu wengi, hawali nyama kabisa. Nyama inayomfungulia mgeni mmoja mlango inamfungia mwingine.

Afanyeje mwenyeji? Kwanza aulize. Wiki mbili kabla ya sikukuu aende mwenyewe, aseme: “Mzee, nataka mle kwangu Krismasi. Niambie mnachokula na msichokula.” Hakuna anayechukia kuulizwa hivyo. Linalouma ni kuketi mezani huku sahani yako ikiwa tupu.

Pili, anunue kondoo au mbuzi, asichague ng’ombe, kwa kuwa Mhindu huumia kumwona ng’ombe mezani. Mzee Mwislamu aje achinje mwenyewe. Atataka kisu kikali, atamwelekeza mnyama Makka, ambako kwetu ni upande wa kaskazini, atataja jina la Mungu, na damu itaachwa itoke. Damu hiyo isikusanywe wala isitiwe katika chakula chochote.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ipikwe sufuria kamili isiyo na nyama. Isiwe kabichi ya pembeni, bali chakula cha kushibisha: kilo mbili za dengu na viazi, mboga za majani, na wali wa kilo tatu uliochemshwa kwa maji matupu. Makosa hutokea mahali padogo. Mama wa nyumba anatia mchuzi wa nyama kwenye wali upate ladha, anakaanga chapati kwa mafuta ya mnyama, au anakoroga dengu kwa mwiko uliotoka kwenye mbuzi. Kwa hiyo apike sufuria hii kwanza, kabla nyama haijafika jikoni, aifunike, na kila sufuria iwe na mwiko wake. Sufuria lililowahi kupikiwa nguruwe lisitumike siku hiyo. Keki ikiwa na mayai, awaambie wageni, maana Wahindu wengi wasiokula nyama hawali mayai pia. Na kibuyu cha mursik kikiletwa, mgeni aelezwe ni maziwa ya namna gani, achague. Chai ya maziwa iwepo kwa wote.

Sasa saa. Ibada yetu ya Krismasi ikiisha saa sita, tule kuanzia saa saba na nusu, Mwislamu akiwa amekwisha kuswali adhuhuri. Tukimaliza kabla ya saa kumi, atawahi alasiri, na pengine sote tutaiwahi mvua yetu ya jioni. Krismasi ikiangukia Ijumaa, kama ile ya mwaka 2026, tungoje saa nane, watu watoke msikitini. Tena Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Krismasi za 1998, 1999 na 2000 zilikuwa ndani ya mfungo, na ile ya 2031 itakuwa hivyo tena. Mwaka kama huo mwite jirani baada ya jua kutua, umpe tende na maji kwanza. Ukimwita mchana umemwita atazame wengine wakila.

Mlangoni, msalimu kila mtu kwa heshima anayoijua. Mwislamu akisema “Asalaam aleikum,” mjibu “Waaleikum salaam”; hayo ni maneno ya amani. Kwa Singasinga sema “Sat Siri Akal,” na kwa Mhindu “Namaste.” Wanaume, msinyoshe mkono kwa mama Mwislamu mpaka yeye aanze. Mweke mkono kifuani, umwulize habari za nyumbani, inatosha.

Je, tuombe kwa jina la Yesu? Ndiyo, ni sikukuu yake. Mwenyeji aseme mapema, “Sisi tutashukuru kwa desturi yetu,” aombe kwa ufupi, wala asimwombee mgeni wongofu wake mbele ya watu. Mgeni hakuja kutegwa.

Mwisho ni zawadi. Mgeni akileta sukari, tende au peremende, pokea kwa mikono miwili. Akiondoka mfungie chakula alichoweza kula: Singasinga dengu, Mwislamu nyama. Nao watarudisha. Sikukuu ya Diwali italeta sahani ya vitamu, na Idi ya kuchinja italeta fungu la nyama, maana ni desturi ya Waislamu kugawa nyama hiyo kwa nyumba yao, kwa ndugu na jirani, na kwa maskini. Chombo kisirudi kitupu.

Hapo wengine huniuliza, “Mchungaji, tule?” Paulo amejibu. Kilichowekwa mbele yako kile, bila kuulizauliza. Lakini ukiambiwa kimetolewa kwa sanamu, usile, kwa ajili ya dhamiri. Vitamu vilivyotoka jikoni kwa jirani ni upendo wake, vile. Akikwambia vimetoka mbele ya sanamu, mshukuru na kumweleza kwa upole. Nyama ya Idi mimi naipokea kwa shukrani. Ndugu ambaye dhamiri yake inamzuia, asilazimishwe. Warumi 14 inamlinda. Ila asiipokee kwa tabasamu kisha awatupie mbwa, kwa maana watoto wa jirani wanaona.

Huko Gurdwara ya Kericho, kila aingiaye hufunika kichwa, huvua viatu, na hupewa chakula kisicho na nyama, ili asiwepo wa kukataa. Jambo hilo wamelitafakari kwa makini. Sisi tuliopokea Neno la Paulo tusifikiri kidogo kuliko wao.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyeketi mezani na watu ambao wengine hawakutaka kuketi nao, utufundishe kuuliza kabla ya kuchinja. Uzilinde dhamiri za wageni wetu na zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.