Jinsi ya Kuhesabu Uniti za Stima Nyumbani
(Hotuba kwa wenye nyumba wa Kisumu na kando ya Ziwa)



Wengi wenu hununua stima ya shilingi mia mbili au mia tatu, na kabla ya mwisho wa juma mita huanza kulia. Ndipo watu wa nyumba hulaumiana: huyu asema ni taa, yule asema ni televisheni. Leo nataka kuwaonyesha jinsi ya kumtambua mlaji wa kweli kwa kalamu na karatasi.

Vyombo vingi vya stima vimeandikwa nguvu yake kwa wati, nyuma yake au chini yake. Wati ni mfano wa unene wa mfereji wa maji. Saa za matumizi ni muda uliouacha wazi. Mfereji mwembamba ulioachwa wazi usiku kucha waweza kujaza mapipa mengi kuliko mfereji mnene uliofunguliwa kidogo. Kwa hiyo tunazidisha wati kwa saa, kisha tunagawanya kwa 1,000. Jibu ni kilowati-saa, ambayo ndiyo uniti moja ya mita yako.

Natuangalie nyumba moja ya mfano mtaani Manyatta. Ina taa nne za wati 9, ambazo jumla yake ni wati 36. Zikiwaka saa 5 kila usiku, zatumia wati-saa 180, yaani uniti 0.18, kwa siku 30 ni uniti 5.4. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 kila siku ni uniti 4.8 kwa mwezi. Kuchaji simu, wati 10 kwa saa 3, ni uniti 0.9. Mpaka hapa hatujafika hata uniti 12.

Sasa njoo kwenye vyombo vya moto. Birika la wati 2,000 huchemsha maji ya chai asubuhi na jioni, dakika 6 kila mara. Dakika 12 ni saa 0.2, basi ni uniti 0.4 kwa siku, na 12 kwa mwezi. Pasi ya wati 1,000 hutumiwa nusu saa kila alfajiri kunyosha nguo za shule na za kazi. Hiyo ni uniti 15. Jumla ya nyumba ni uniti 38.1, na pasi na birika peke yake vimekula 27.

Kwa nini hesabu hii ina uzito? Kwa sababu bei zilizoanza Aprili 2023 ziliweka mpaka kwenye uniti 30 kwa mwezi. Aliye chini ya mpaka huo aliwekewa shilingi 12.22 kwa uniti, aliyeuvuka kidogo, 16.30, tena kwa uniti zote, si zile zilizozidi tu. Kodi na malipo mengine huongezwa juu yake. Bei hubadilika, na daraja lako hupimwa kwa wastani wa miezi mitatu, hivyo usitazamie nafuu kesho yake.

Nyumba yetu yaweza kurudi chini bila kukaa gizani. Mama achemshe birika moja tu kwa siku, na maji ya jioni ayaweke katika chupa ya chai: uniti 6 zimebaki. Nguo zinyoshwe kwa pamoja, saa 9 kwa mwezi badala ya 15: uniti 6 nyingine. Jumla sasa ni 26.1. Kwa bei hizo za 2023, malipo ya uniti peke yake yangeshuka kutoka shilingi 621 hadi 319.

Lakini jihadharini na jambo moja. Pasi hujizima yenyewe ikipata moto wa kutosha, ndipo kitaa chake huzimika. Kwa hiyo hesabu ya pasi ni kiwango cha juu kabisa. Friji nayo hupumzika. Ukiizidisha friji ya wati 120 kwa saa 24, utapata uniti 86 kwa mwezi, nalo ni kosa. Joto la Kisumu na mlango unaofunguliwa ovyo huifanya ifanye kazi zaidi, basi afadhali uiulize mita. Zima vingine vyote, soma uniti zilizobaki, ngoja saa 24, kisha usome tena. Tofauti ndiyo chakula chake cha siku moja.

Mwishowe, chomoa kila kitu usiku mmoja na usome mita kabla ya kulala. Ukikuta alfajiri kwamba uniti zimepungua, usilaumu watoto. Ama waya ni mbovu, ama kuna nyumba nyingine inayokula kwa mita yako. Mwite fundi wa stima aliye na leseni, wala usiguse waya mwenyewe.