Wakati wa Kuuza Bodaboda: Kilomita, Umri na Hali ya Injini katika Bei

Mada hii inahusu pikipiki ya biashara, yaani bodaboda yenye injini ya cc 125 hadi 150 inayotumika katika miji ya Tanzania, na hoja yake ni kwamba bei ya chombo hiki haishuki kidogo kidogo kwa mwendo ule ule bali hushuka kwa ngazi, na ngazi inayomgharimu mmiliki zaidi kwa mwezi ni ile inayoambatana na injini kufunguliwa kwa mara ya kwanza.

Umri ndio kipimo anachokiona mnunuzi mapema zaidi, kwa sababu herufi za mwisho katika namba ya usajili huonyesha kwa kukadiria kipindi ambacho pikipiki iliingia barabarani. Hata hivyo, umri peke yake husema machache. Bodaboda inayotembea kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hupita kilomita 56,000 katika miezi 18, ilhali pikipiki ya mtu anayekwenda kazini na kurudi, kwa jumla ya kilomita 30 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, ingehitaji takribani miaka saba kufika hapo. Pikipiki mbili zenye herufi zinazofanana zinaweza, kwa hiyo, kuwa na injini zilizochakaa kwa viwango visivyolingana hata kidogo.

Kilomita zinazosomeka kwenye mita nazo hazitoshi kuaminiwa, kwani katika pikipiki nyingi za aina hii mita huendeshwa na waya unaotoka gurudumu la mbele, na waya huo ukikatika au ukichomolewa hesabu husimama huku chombo kikiendelea na kazi. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huilinganisha mita na sehemu zinazolika kwa matumizi: mpira wa kukanyagia, mpira wa pedali ya gia, na meno ya sproketi, yaani gurudumu la meno linalovutwa na cheni, ambayo yakichakaa huchongoka na kulalia upande mmoja. Mita ikisoma kilomita 15,000 huku mpira wa kukanyagia umelika hadi chuma kinaonekana, ni mita isiyofaa kuaminiwa.

Kuhusu hali, jambo linalobeba uzito zaidi ni injini. Moshi wa rangi ya buluu unaotoka pikipiki inapovutwa mafuta kwa nguvu huashiria kwamba ringi za pistoni zimechoka na oili inaungua pamoja na petroli. Moshi huo ukitoka asubuhi tu, injini inapowashwa ikiwa baridi, kisha ukapotea, mara nyingi chanzo ni sili za vali. Tatizo la ringi na silinda humlazimu fundi kuifungua injini, na kazi hiyo huacha alama: vichwa vya bolti vilivyokwaruzwa na gundi ya gasketi iliyotokeza kwenye maungio. Mnunuzi akiziona alama hizo hupunguza bei hata kama kazi ilifanywa vizuri, kwa kuwa hana njia ya kuukagua ubora wa vipuri vilivyowekwa ndani.

Kwa mfano wa hesabu tu, ichukuliwe kwamba pikipiki imenunuliwa kwa shilingi 2,800,000, na kwamba ingeuzwa kwa 1,900,000 baada ya miezi 12, kwa 1,600,000 baada ya miezi 18, na kwa 1,300,000 baada ya miezi 24, lakini katika kipindi hicho cha mwisho injini imehitaji matengenezo ya 350,000. Mmiliki anayeuza mwezi wa 18 amepoteza 1,200,000, sawa na takribani 67,000 kwa mwezi. Anayengoja hadi mwezi wa 24 hupoteza 300,000 nyingine za bei, akaongeza 350,000 za fundi, na hivyo kila mwezi wa nyongeza humgharimu takribani 108,000, bila kuhesabu siku ambazo chombo kimelala gereji. Mapato ya kila siku hayabadilishi uamuzi huu, kwa sababu pikipiki mpya itakayochukua nafasi yake ingeyaleta vilevile. Kanuni inayopatikana ni kuuza pale gharama ya mwezi unaofuata inapokaribia kuzidi wastani wa miezi iliyopita, na kwa bodaboda hilo kwa kawaida hutokea muda mfupi kabla ya injini kufunguliwa.

Kanuni hii haimpi muuzaji ruhusa ya kuficha kasoro. Pikipiki inayoanza kutoa moshi iuzwe kwa bei ya pikipiki inayotoa moshi, na mnunuzi aelezwe. Matengenezo madogo, kama vile cheni na sproketi mpya, viatu vya breki na taa, kwa kawaida hurudisha fedha yake, kwa kuwa mnunuzi huyaona kwa macho na kuyajaribu papo hapo.

Msimu nao una nafasi yake, ingawa ni ndogo kuliko ya injini: katika mikoa ya Mtwara na Lindi wanunuzi huongezeka wakulima wanapolipwa fedha za korosho, na mmiliki ambaye injini yake bado ina afya anaweza kungoja wiki chache. Mwenye injini iliyokwisha kutoa moshi hana nafasi hiyo, kwa maana bei itakayopanda kwa msimu italiwa na fundi.